Nimeongezwa asilimia 8 lakini hela ya Jumapili imeshuka, hii ni hesabu gani wakuu?

Mpakiaji_Ligula
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi nipo hapa Mtwara mjini, nafanya kazi kwenye ghala la korosho (jina naliacha, bado nautaka mkate wangu). Tunafanya Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili ni mapumziko ila msimu ukichanganya tunaitwa, na ukija Jumapili unalipwa siku kwa dabo.

Mshahara wangu wa besiki ulikuwa 480,000. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi tumeongezwa asilimia 8, barua nimepewa na nimesaini, besiki mpya 518,400. Mpaka hapo sina neno.

Sasa juzi slipu zimetoka. Mwezi wa tisa niliingia Jumapili mbili nikalipwa 73,846. Mwezi wa kumi nimeingia Jumapili tatu nimelipwa 103,680. Mwanzo niliona sawa tu, si hela imeongezeka. Jamaa yangu ndo akanishtua, akachukua simu akagawanya, Jumapili moja mwezi wa tisa ilikuwa 36,923 na sasa hivi ni 34,560. Yaani nimeongezwa mshahara halafu siku yangu imekuwa rahisi zaidi?? Naomba anayejua anieleweshe, asilimia 8 ya mwezi, ya mwaka na ya siku zinaendaje, maana mama watoto keshaipangia mabati.

Chikongola_Boy
Rahisi mkuu. 8% ni ya mwezi. Kwa mwaka zidisha mara 12 unapata 96%, kwa siku gawa kwa 30 unapata kama 0.27%. Ndo maana kwenye siku huoni kitu, ongezeko la siku ni dogo sana.

dereva_masasi
😂😂😂 Chikongola kwa hiyo mwakani jamaa anakaribia kulipwa mara mbili? Niunganishe na mimi hiyo kampuni.

Chikongola_Boy
Cheka tu, si ndo hesabu yenyewe? 38,400 mara 12 ni 460,800 kwa mwaka. Nimekosea wapi?

BiMkubwa_Mikindani
Hapo kwenye shilingi hujakosea mwanangu, umekosea kwenye asilimia. Shilingi ndo zinazozidishwa na kugawanywa, asilimia inabaki vilevile. Mwaka wake wa zamani ulikuwa 5,760,000, huo mpya ni 6,220,800, tofauti ni hiyo 460,800 uliyoisema, sasa igawe kwa 5,760,000 uone kama hupati 8 ileile. Hata siku ni hivyohivyo. Ukigawa mshahara wa zamani kwa namba fulani na mshahara mpya kwa namba hiyohiyo, siku nayo inapanda asilimia 8, haina pa kukimbilia.

Nimeandaa mishahara ya watu miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hiyo nikiona siku imeshuka wakati mwezi umepanda najua moja kwa moja, kuna mtu kabadilisha namba ya kugawia. Mpakiaji, chukua hiyo hela ya Jumapili moja, igawe kwa 2 kwa sababu ni dabo, halafu chukua besiki uigawe kwa jibu. Fanya kwa mwezi wa tisa na mwezi wa kumi, uniletee majibu hapa.

Mpakiaji_Ligula
Sawa mama. Mwezi wa tisa 36,923 gawa 2 ni 18,461. Nikagawa 480,000 kwa hiyo napata 26 na kivumbi.
Mwezi wa kumi 34,560 gawa 2 ni 17,280. 518,400 gawa 17,280 inakuja 30 kamili.

dereva_masasi
Hoooo. Mchezo umeishia hapo.

BiMkubwa_Mikindani
Ndo hivyo. Mwezi wa tisa siku yako ilitafutwa kwa kugawa 26, mwezi wa kumi ikatafutwa kwa kugawa 30. Kutoka 26 kwenda 30 siku inapungua kama asilimia 13, wewe umeongezwa 8, ndo maana imeimeza nyongeza yote ikaenda kula na ya zamani.

Ingebaki 26, siku yako ingekuwa 518,400 gawa 26, yaani 19,938, na Jumapili dabo 39,877. Kwa Jumapili tatu ulitakiwa uone 119,631, umelipwa 103,680, hapo kuna 15,951 imebaki ofisini. Nyongeza yenyewe ni 38,400 kwa mwezi, kwa hiyo karibu nusu yake imerudi kwa mlango wa nyuma. Na msimu huu ukiingia Jumapili nne inarudi zaidi ya nusu.

lindi_kwetu
Bi mkubwa samahani kidogo, kwani 30 si ndo sahihi? Mwezi una siku 30. Mimi nipo ulinzi hapa Lindi na kwetu wanagawa 30 miaka yote.

BiMkubwa_Mikindani
Mwezi una siku 30 za kuishi mwanangu, siku za kazi ni chache. Kuna jedwali nyuma kabisa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Jedwali la Kwanza, ndo linaloelekeza mshahara wa mwezi unageuzwaje kuwa wa wiki, wa siku au wa saa. Pale wanatumia 4.333, ambayo ni wiki 52 gawa miezi 12. Unachukua 4.333 unazidisha kwa siku zako za kawaida za kazi kwa wiki. Mpakiaji anafanya siku sita, inakuja 25.998, ndo hiyo 26 tunayoisema mdomoni. Anayefanya Jumatatu mpaka Ijumaa ni 21.665, na siku yake inakuwa ghali kuliko ya Mpakiaji hata kama mshahara wa mwezi ni uleule, kwa sababu mshahara wake umebebwa na siku chache.

Ukitaka kuona kwamba 30 haikai sawa kwa mtu wa siku sita, jaribu hivi: mtu hajakanyaga kazini mwezi mzima, amekosa siku zote 26. Kata siku 26 kwa 17,280, unakata 449,280. Inabaki 69,120. Unamlipa ya nini na hajaja hata siku moja?

lindi_kwetu
Hiyo ya mwisho imenichanganya ila nimeielewa 😅. Lakini sisi walinzi hatuna Jumapili, ni shifti, Jumapili ni siku kama siku nyingine, ofu yako inaweza kuangukia Jumanne.

BiMkubwa_Mikindani
Ofu ipo lakini? Kwa wiki mara ngapi?

lindi_kwetu
Kwenye karatasi ipo moja kwa wiki. Mtu wa kukupokea asipokuja, imekula kwako.

BiMkubwa_Mikindani
Basi siku zako za kawaida ni sita kama za mwenzio, sheria nayo inaishia sita kwa wiki. Ile ofu uliyoifanya kazi ndo ya kudaiwa dabo. Ila mkataba wako sijauona, sitaki kukuingiza kwenye ugomvi kwa kitu nilichosoma kwenye simu.

lindi_kwetu
Mkataba umeandika "mshahara wa mwezi kwa siku 30". Bado nabisha kidogo bi mkubwa, maana na mimi nilisaini.

mwl_nachingwea
Jamani na mimi naomba kuchangia, sijui kama ni mada yenyewe. Mwaka 2022 tulisikia nyongeza ya asilimia 23.3, nikachukua mshahara wangu nikazidisha nikaanza kupanga na mambo, hela ilivyoingia nikaona tofauti kabisa na hesabu yangu. Hii na yenyewe ni mambo ya kugawa 26 na 30?

BiMkubwa_Mikindani
Hapana mwalimu, hiyo ni habari nyingine. Ile 23.3 ilikuwa ya kima cha chini cha watumishi wa umma, kilichotoka 300,000 kwenda 370,000. Gawa 70,000 kwa 300,000 utaiona 23.3 yako. Wewe uliichukua ya kima cha chini ukaipandikiza kwenye mshahara wako uliokuwa juu. Mwaka 2025 tena wametangaza 35.1, ni kima cha chini hichohicho kutoka 370,000 kwenda 500,000. Ukisikia asilimia uliza kwanza ni ya nini.

mwl_nachingwea
Aaah. Ningelijua hilo nisingeahidi pikipiki nyumbani. Asante mama.

kibarua_bandarini
Nyie mna mishahara ya mwezi mnalalamika, njooni kwetu sisi wa kubeba. Tulikuwa tunalipwa 12,000 kwa siku, wakatupandisha 13,000, tukashangilia kweli, mtu mmoja kaleta na soda. Hiyo ni kama asilimia 8 na pointi si ndiyo? Mwezi uliopita kabla hawajapandisha niliitwa siku 24. Mwezi huu nimeitwa siku 21. Sasa nani kaongezwa hapo?

dereva_masasi
24 mara 12,000 ni 288,000. 21 mara 13,000 ni 273,000. Umepungukiwa 15,000 mzee, rudisheni soda.

kibarua_bandarini
Nimeshainywa.

BiMkubwa_Mikindani
Kibarua wewe hesabu yako inaanzia upande wa pili. Mpakiaji kinachoandikwa kwenye barua ni mwezi, siku inatafutwa. Wewe kinachotajwa ni siku, mwezi unajijua wenyewe mwisho wa mwezi kwa idadi ya siku ulizoitwa. Siku yako kweli imepanda asilimia 8.3, hakuna aliyekudanganya, ila siku zenyewe zimeshuka kutoka 24 hadi 21, hiyo ni pungufu ya 12.5. Ili ufike kwenye ile 288,000 yako ya zamani kwa 13,000 unahitaji siku 22 na kidogo, yaani 23 maana robo siku hawakuiti. Chini ya 23 nyongeza haijakufikia.

kibarua_bandarini
Na wakiita watu wengi zaidi ndo siku zetu zinapungua. Tangu bei ipande na wale wa Mikindani nao wanakuja geti la asubuhi. Sisemi kitu.

Chikongola_Boy
Mi narudi kwenye hoja. Hebu tuseme ukweli, 30 ina faida yake pia. Ukikosa siku moja unakatwa 17,280 badala ya 19,938. Kwa mtu mwenye misiba mingi kama mimi naona 30 ni rafiki.

BiMkubwa_Mikindani
Sasa hapo umesema la maana Chikongola, sikukanushi. Namba ndogo ya kugawia inaifanya siku iwe ghali, na siku ikiwa ghali inakuuma ukikosa na inakufurahisha ukiingia Jumapili. Namba kubwa ni kinyume chake. Mimi ninachotaka ni namba iwe moja pande zote. Mpakiaji, uliwahi kukosa siku mwezi huo wa kumi?

Mpakiaji_Ligula
Nilikosa moja mama, nilienda msibani Nanyamba bila ruhusa ya maandishi, nikakatwa. Ngoja niangalie slipu.

Mpakiaji_Ligula
Wakuu sijui nicheke au nilie. Upande wa makato imeandikwa hivi: kutokuwepo kazini siku 1, 19,938.

dereva_masasi
Nooooo. Kwenye kukata wanagawa 26, kwenye kulipa wanagawa 30!!

lindi_kwetu
Hii sasa hata mimi wa 30 siitetei.

Chikongola_Boy
Nimenyamaza.

BiMkubwa_Mikindani
Usikimbilie kusema wizi mwanangu. Nimeona mara nyingi faili la mishahara lina safu moja imerekebishwa na nyingine imesahaulika, hasa nyongeza inapoingia katikati ya mwaka na mtu anatengeneza faili jipya usiku usiku. Nenda kwa mhasibu na slipu zote mbili, mwonyeshe mistari miwili ya mwezi mmoja, wa kukata na wa Jumapili, muulize siku yako ni shilingi ngapi. Usimwambie kakosea, muulize tu, ajibu namba moja.

Jingine la mama watoto na mabati. 460,800 ni ya miezi kumi na miwili kamili, kuanzia Oktoba mpaka Septemba mwakani. Mpaka Desemba mwaka huu umepata miezi mitatu tu, 38,400 mara tatu, 115,200. Ukijumlisha mwaka huu wote umepokea 4,320,000 ya miezi tisa ya zamani na 1,555,200 ya miezi mitatu mipya, jumla 5,875,200. Ukilinganisha na mwaka mzima kwa mshahara wa zamani umepanda asilimia 2, si 8. Barua haijasema uongo, ila imeukuta mwaka huu unaelekea kuisha.

mwl_nachingwea
Duh, mabati nayo yamegeuka misumari.

Mpakiaji_Ligula
😂😂 Mwalimu acha hizo. Hiyo ya asilimia 2 sijui namwambiaje shemeji yenu.

dada_wa_newala
Na bado hamjagusa makato. Hiyo 38,400 haiingii yote benki, mimi napokea mshahara wa karibu na huo najua. NSSF wanachukua asilimia 10 ya nyongeza, 3,840, inabaki 34,560, halafu kodi kwa daraja lake bado ni asilimia 8, wanakata 2,765. Inayofika ni 31,795 hivi. Hiyo ndo mwambie shemeji, mengine atakuuliza zimeenda wapi.

Chikongola_Boy
Asilimia 8 nyongeza, asilimia 8 kodi, si zinakatana inakuwa sifuri?

dada_wa_newala
Kaka wewe lala.

dada_wa_newala
Nimerudi, nimekuonea huruma. Nyongeza ni 8 ya mshahara wote, kodi ni 8 ya kile kinachozidi 270,000 baada ya kutoa NSSF. Zina jina moja tu, hazijatoka tumbo moja.

Mpakiaji_Ligula
Wakuu mrejesho. Leo saa saba nilienda ofisini mhasibu akiwa anakula, nikasubiri amalize maana mtu na wali wake hasumbuliwi. Nikafanya kama bi mkubwa alivyosema, nikamuuliza tu siku yangu ni shilingi ngapi. Akasema 19,938 bila kuangalia popote. Nikamwonyesha mstari wa Jumapili. Akanyamaza, akafungua Excel, akabonyeza kwenye ile seli, ikatokea hivi (nilipiga picha, C ndo besiki, E ni idadi ya Jumapili):

```
=C7/30*2*E7
```

Na seli ya kukosa siku, F ni siku nilizokosa:

```
=C7/26*F7
```

Akasema faili jipya limetoka makao makuu likiwa hivyohivyo, yeye aliingiza besiki mpya tu. Akakubali kabisa mbele yangu kwamba mbili hizi haziwezi kukaa kwenye faili moja. Lakini sasa anasema hawezi kubadili fomula bila kibali, na kwamba huko juu wanaweza wakaamua zote ziwe 30.

BiMkubwa_Mikindani
Zote zikiwa 30 bado si sawa kwa mtu wa siku sita. Mpelekee ile 4.333, mwandikie kwenye karatasi, na andika barua fupi ya kudai 15,951 ya Oktoba, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukizungushwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, wapo, ila madai ya namna hii yana siku 60 tangu yatokee, usisubiri msimu uishe ndo ukumbuke.

lindi_kwetu
Bi mkubwa kwa hiyo na mimi niandike?

BiMkubwa_Mikindani
Wewe piga picha mkataba kwanza, funika jina, unitumie inboksi. Hilo neno "kwa siku 30" nataka kuliona lilivyokaa.

kibarua_bandarini
Na mimi barua naandika kwa nani? Mnyapara mwenyewe hajui kusoma.

dereva_masasi
Mpakiaji wenzako ghalani wako wangapi wanaoingia Jumapili?

Mpakiaji_Ligula
Tupo kumi na wanne. Nimewaambia wagawanye wenyewe, wote wameipata 30. Wawili hawataki kusaini barua, wanasema watafutiwa sababu. Siwalaumu.

Barua nimeipeleka jioni hii, muhuri nimepata. Kesho kutwa Jumapili kuna malori yanaingia kutoka Tandahimba, nimeambiwa nifike saa moja asubuhi, na sijui naingia kwa 26 au kwa 30.